Maombi Yaliyo Mezani



Katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha akiba na mikopo, katika mji mmoja wa mwambao wetu wa Tanzania, mwenyekiti alisimama mbele ya hadhara ya wanachama, aghalabu yao waalimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, akatoa hotuba ambayo sehemu yake kubwa ilihusu jambo moja tu, nalo ni maombi ya mikopo ambayo chama kimekwisha kuyapokea ilhali kamati ya mikopo haijayatolea uamuzi. Nilihudhuria mkutano ule kwa ruhusa ya chama, nikaisikiliza hotuba ile tangu mwanzo hata mwisho wake, na jioni hii nataka kuizungumza nanyi kwa kituo, kwani najua kuwa wengi wanaonisikiliza wana majalada yao katika makabati ya vyama kama kile, na kila wapitapo dirishani hujibiwa kuwa warudi wiki ijayo.

Mwenyekiti alisema kwamba maombi yaliyokuwa yakingoja siku ile yalikuwa 64. Aliwasihi wanachama wawe na subira, akawahakikishia kuwa kamati inafanya kazi yake kwa uadilifu, na akamaliza kwa kusema kuwa kila mwombaji atapata jawabu lake hivi karibuni. Watu wawili watatu waliposimama na kumtaka aseme hapo hapo kama fulani atapewa au hatapewa, alikataa kwa adabu, akasema kuwa hana mamlaka hayo, wala hatasoma jina la mtu yeyote mbele ya hadhara.

Katika hilo la mwisho mwenyekiti yule alitenda sawasawa, nami namsifu kwa dhati. Mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo si mtoaji wa mikopo. Chama kina bodi inayokiongoza, kina kamati ya mikopo inayopima maombi, kina na kamati ya usimamizi inayokagua kama hao wengine wamefuata masharti; na lau mwenyekiti angeliahidi jukwaani kuwa mkopo wa fulani utapita, basi siku ya kikao kamati ingelikuta uamuzi umekwisha kutolewa na mtu asiyeliona hata jalada. Ama kutaja majina, hiyo ni siri ya mwanachama na chama chake, na shida iliyomfanya mtu akakope si habari ya kutangaziwa jirani zake.

Walakini kuna jambo ambalo hotuba ile haikulisema, nalo ndilo lililokuwa na haja kubwa zaidi ya kusemwa. Maombi 64 yalitajwa kwa pamoja kana kwamba yote yamesimama mahali pamoja kwa sababu moja, na wanachama wangelirudi makwao na dhana hiyo, kama si bibi mmoja mwalimu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, kusimama na kuuliza: “Bwana Mwenyekiti, naomba kufahamishwa, ombi langu linangoja nini?” Hakuuliza atapata lini, wala hakulalamika, aliuliza linangoja nini. Mwenyekiti alimtazama katibu, naye katibu akafungua daftari la kupokelea maombi, akapitisha kidole chake ukurasa baada ya ukurasa huku ukumbi mzima ukimtazama, na baada ya kitambo akatoa hesabu ambayo kwa insafu ilipasa kuwa ndiyo mwanzo wa hotuba. Maombi 21 yalikuwa na upungufu katika fomu au katika dhamana. Maombi 38 yalikuwa yamekamilika kila sharti, yakingoja fedha tu. Na matano yaliyobaki yalikuwa yale ambayo wajumbe wa kamati wameshindwa kuafikiana.

Hizo ni hali tatu zilizo mbalimbali, na dawa ya hii si dawa ya ile. Anayengoja kwa sababu mdhamini wake hatoshi anaweza kulitengeneza jambo lake kesho asubuhi, iwapo ataambiwa. Anayengoja fedha hana la kutengeneza, lakini anaweza kupiga hesabu ya miezi na kupanga mambo yake. Na yule ambaye kamati inabishana juu yake anastahiki kujua kuwa huenda akanyimwa, ili asiweke matumaini yake yote hapo. Kuwaambia wote watatu wavute subira ni kuwanyima kila mmoja lile moja ambalo lingemfaa.

Natumai mwalimu yule atanisamehe nikilieleza jalada lake kwa undani kidogo, na kwa hakika amenipa idhini, kwa sharti nisimtaje. Ana akiba ya shilingi 2,000,000 katika chama, na kwa kuwa masharti ya chama chake, kama ya vyama vingi, yanamruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, aliomba shilingi 6,000,000 za kulipa kwa miezi 36, kusudi ampeleke binti yake katika chuo cha uuguzi. Kamati ilianza, kama inavyopasa, na mshahara wake. Anapokea shilingi 900,000, na sharti ni kwamba makato yote yasimwachie chini ya theluthi moja, yaani 300,000, maana mtu asiyebakiwa na fedha za kula hukopa tena kabla ya mwezi kwisha. Tayari anakatwa 350,000 kwa mambo mengine. Basi nafasi iliyobaki ni 250,000, na rejesho lake la kwanza, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililosalia, ni kama 227,000. Hapo alipita bila ya shaka.

Ilibaki dhamana. Katika mkopo wa milioni sita, milioni mbili zinadhaminiwa na akiba yake mwenyewe, na milioni nne zilizosalia ni lazima zikingwe na akiba za wenziwe. Alileta wadhamini watatu: wawili wa shilingi 1,500,000 kila mmoja, na wa tatu, ambaye ni muuguzi, wa shilingi 1,000,000. Wawili wale hawakuwa na taabu. Muuguzi naye ana akiba ya shilingi 1,600,000, ambayo ukiitazama juu juu utaona inatosha na kuzidi. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amemdhamini mtu mwingine kwa shilingi 1,000,000, na deni hilo halijapungua kiasi cha kumfungulia akiba yake. Basi iliyo huru ni shilingi 600,000 tu. Upungufu ni shilingi 400,000. Jalada zima, pamoja na barua ya mwajiri, hati za mshahara na barua ya kujiunga na chuo, lilikuwa limelala kabatini kwa ajili ya upungufu huo, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja kumwarifu mwenyewe.

Mwalimu angeliweza kumtafuta mdhamini wa nne wa kiasi hicho kidogo. Au angeliweza kukubali shilingi 5,600,000 badala ya 6,000,000, na hapo wadhamini wale wale watatu wangelitosha barabara. Alipoelezwa hayo na katibu baada ya mkutano, alisema kuwa zile 5,600,000 zingelimtosheleza tangu mwanzo, kwani zile 400,000 alikuwa amezitia kwa hadhari tu. Mimi nasema kuwa kamati isingekuwa na kazi nzito kumfanyia uungwana wa kumwarifu. Barua ya mistari mitatu, yenye kutaja upungufu, kiasi chake na njia za kuuziba, ingeliondoa jalada lile katika hesabu ya 64, na mengine mengi katika yale 21 kadhalika.

Sasa tuje kwa wale 38, ambao nadhani ndio walioghadhibika zaidi, na ambao hali yao ndiyo inayofahamika kidogo zaidi. Mwanachama hudhani kuwa mkopo uliokubaliwa ni mkopo uliopo. Lakini chama hakina mtambo wa kuchapa noti, wala si benki yenye matawi ya kukopeshana. Fedha kinazokopesha ni zile zinazoletwa na wanachama wenyewe kila mwezi, nusu yake au zaidi zikiwa ni marejesho ya waliokopa jana. Mweka hazina alisoma taarifa yake mapema siku ile, nami nitazitumia tarakimu zake kwa kuzikurubisha ili ziwe nyepesi sikioni. Kwa mwezi mmoja akiba mpya huingia kama shilingi milioni 22, na marejesho kama milioni 38; jumla milioni 60. Katika hizo, milioni 9 hutoka kwa wanaostaafu au kujitoa, ambao ni lazima warudishiwe chao. Milioni 6 ni za mishahara na uendeshaji. Na milioni 5 hulipia deni ambalo chama chenyewe kilikopa benki. Zinazobaki kukopeshwa ni milioni 40. Na maombi yale 38 yaliyokamilika yana jumla ya shilingi milioni 160.

Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Ni miezi minne, hata asipotokea mwombaji mwingine mpya katika muda huo, naye hakosi kutokea. Mwenyekiti alikuwa na taarifa ile mezani pake aliposema hivi karibuni, na sioni ni kwa nini asingeweza kusema miezi minne. Labda alihofu kuzomewa. Lakini mtu anayeambiwa miezi minne huenda akazungumza na chuo kuhusu kulipa ada kwa mafungu, akauza kitu, akaahirisha ujenzi. Na mtu anayeambiwa hivi karibuni hukaa akingoja hata siku ya mwisho ya kulipa, kisha usiku huo huo huenda kwa wale wakopeshaji wa mitaani ambao watu wamewapa jina la kausha damu, akaacha kadi yake ya benki rehani, na akaanza kulipa riba ambayo mkopo wa chama, utakapofika, utamalizikia kuilipa. Wako watu wa namna hiyo katika chama kile. Mmoja alinieleza mambo yake kwa sauti ya chini sana, nami sitayarudia hapa.

Kuna na jambo jingine lililoipunguza hazina, ambalo mwenyekiti aliligusia kwa neno moja tu na kupita. Mwajiri mmoja wa wanachama hao alikuwa amewakata mishahara yao kwa miezi miwili, akiba na marejesho pamoja, ila hakuziwasilisha fedha hizo katika chama. Kiasi chake kilikuwa shilingi milioni 15 kwa mwezi, yaani 30 kwa miezi yote miwili, nayo ni robo tatu ya mikopo ya mwezi mzima. Kwa mwanachama jambo hili ni zito kupita linavyoonekana, maana hati yake ya mshahara inaonyesha kuwa amelipa, ilhali daftari la chama linaonyesha kuwa hajalipa. Na kamati inapofungua jalada lake humwona kama mtu aliyechelewesha marejesho, ikamweka kando bila ya kosa lake. Nawasihi wale mnaokatwa kwenye mishahara mlinganishe hati zenu na taarifa za chama kila baada ya miezi michache, na mkikuta tofauti mpeleke nakala ya hati hizo kwa katibu, wala msingoje siku ya kuomba mkopo ndipo muigundue.

Zinapokuwa fedha ni haba kuliko haja, swali linalofuata ni nani atangulie, na hapo ndipo imani ya watu hujengeka au huvunjika. Katika chama kile kanuni ni kwamba aliyetangulia kuleta ombi lililokamilika ndiye atakayetangulia kupewa. Kanuni hiyo ni ya haki, lakini ina kasoro yake: ombi la shilingi milioni 30 la mtu anayejenga nyumba likiwa mbele, linakula robo tatu ya fedha za mwezi, na nyuma yake wamepanga foleni watu kumi na zaidi wanaohitaji milioni mbili mbili za ada au matibabu. Vyama vingine hutenga sehemu ya fedha za kila mwezi kwa mikopo midogo na ya dharura, na iliyobaki ndiyo inayokwenda kwa mikopo mikubwa kwa zamu. Rai yangu ni kuwa mpango huo ni bora, ijapokuwa ni lazima uidhinishwe na mkutano mkuu na kuandikwa katika sera ya mikopo, kwani kamati ikiachiwa iamue dharura ni ipi siku kwa siku, baada ya muda mfupi kila rafiki wa mjumbe atakuwa na dharura.

Na mwanachama atajuaje kama zamu imerukwa, maadamu majina ya wakopaji ni siri? Atajua kwa namba. Kila ombi linalopokewa hupewa namba na tarehe katika daftari, na mwombaji ana haki ya kupewa namba yake siku hiyo hiyo. Chama kikibandika ukutani kila mwezi namba zilizolipwa, bila ya jina wala kiasi, mtu mwenye namba 41 akiona 58 imelipwa atakuwa na la kuuliza, na kamati ya usimamizi itakuwa na la kujibu. Mwanachama mmoja alilitoa pendekezo hilo mkutanoni. Mwenyekiti alisema kuwa bodi italitazama, nami nasikitika kuwa halikutiwa katika maazimio.

Yale maombi matano yenye mabishano sitayakawilia sana. Mawili yalikuwa ya wajumbe wa kamati wenyewe, na wenzao waliona haya kuyapitisha na waliona haya kuyakataa. Dawa yake ni kwamba mwenye ombi atoke nje ya chumba, na uamuzi huo utolewe na bodi na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Matatu mengine, kwa nilivyofahamu, yalikuwa ni ya watu ambao rekodi zao za marejesho si nzuri, na kila mjumbe anajua moyoni mwake kuwa hayatapita, ila hakuna aliye tayari kutia saini barua ya kukataa. Hiyo ndiyo dhuluma ya upole. Aliyekataliwa kwa maandishi na kwa sababu zilizotajwa anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya, au akalipeleka shauri lake kwa ofisa ushirika wa wilaya. Aliyewekwa kimya hana pa kwenda, kwa kuwa bado hajakataliwa.

Huenda mtu akasema kuwa mwombaji ni mwombaji, na haifai kumwuliza anayempa. Historia ya vyama hivi yakanusha kauli hiyo. Raiffeisen, yule meya wa vijijini huko Ujerumani ambaye vyama vya akiba na mikopo duniani vinamhesabu miongoni mwa waasisi wake, alianza katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1846 na 1847 kwa kuwakusanya matajiri wachangie ili maskini wapate unga na mkate. Na miaka ilivyopita aliona kuwa ukarimu wa matajiri hupoa, hata alipokiunda chama cha Heddesdorf mwaka 1864 akafika katika msingi ambao umedumu hata leo, kwamba wanaokopa na wawe ndio wanachama, na mali na deni viwe vyao kwa pamoja. Yule bibi aliyesimama karibu na mlango hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa akiwauliza watumishi wake habari za mali ambayo sehemu yake ni yake.

Nimebakiza kundi moja ambalo halikutajwa kabisa, si katika hotuba wala katika maswali, nao ni wadhamini. Tukikadiria kuwa kila ombi lina wadhamini watatu, basi nyuma ya maombi 64 wako watu karibu 190 ambao akiba zao zimefungwa kwa mikopo ambayo haijatoka. Muuguzi yule hawezi kumdhamini mtu mwingine, hawezi kukopa kwa kiasi alichostahiki, na akitaka kujitoa katika chama ataambiwa angoje. Wengi wao hawajui kuwa dhima yao haijaanza maadamu fedha hazijatolewa, na kwamba kwa desturi ya vyama hivi mdhamini anaweza kuandika barua ya kuiondoa saini yake kabla ya malipo, akamjulisha mwombaji na kamati kwa wakati mmoja. Fedha zikisha kutoka, njia ni moja tu, nayo ni kumleta mdhamini mwingine wa kushika mahali pake na kamati kumkubali. Nilipomwuliza mwenyekiti baada ya mkutano kama wadhamini huarifiwa ombi linapokawia, alinijibu kuwa hawaarifiwi, na kwamba fomu zao hazina hata mahali pa kuandika anwani zao. Alichukua kalamu akaliandika hilo katika shajara yake, na akaniambia kuwa fomu mpya zitachapwa kabla ya kikao kijacho cha kamati.